Namba ya Ndoa: Kuunganisha Tarehe Mbili na Kusoma Kinachotoka

Mimi ni fundi wa nguo za harusi hapa Kenya, na ninasema komini ya Kenya ya Lubumbashi, si nchi ile ya Nairobi. Bibi-arusi akija kupimwa ninaandika katika kaye yangu bega, kifua, kiuno na urefu. Chini yake, kwa wanaotaka, ninaandika tarehe mbili za kuzaliwa na namba moja. Ulianza kama mchezo wa kupitisha saa wakati mashini inangoja umeme urudi. Leo kuna wanaofika na tarehe mkononi kabla hawajachagua kitambaa, na wengi wao wamekwisha kuhesabu wenyewe wakakosea mahali palepale. Kwa hiyo ninaandika jinsi ninavyofanya, hatua kwa hatua, kwa mfano wa wachumba wawili waliokaa mbele ya mashini yangu.

Kwanza tuelewane tunahesabu nini. Katika numerolojia kila mtu ana namba ya njia ya maisha, inayotoka katika tarehe yake kamili ya kuzaliwa. Ukijumlisha namba ya mmoja na ya mwenzake, unapata namba ya tatu ambayo si ya bwana wala si ya bibi. Ni ya ndoa yenyewe, kana kwamba ndoa ni mtoto aliyezaliwa na hao wawili. Haisemi kama wanapendana, wala haisemi watadumu miaka mingapi. Inataja mada, yaani jambo ambalo nyumba hiyo itakuwa inalirudia.

Watu hupenda kusema elimu hii ni ya Pitagora wa Ugiriki. Yeye na wanafunzi wake waliheshimu namba, ni kweli, lakini huku kujumlisha tarehe za kuzaliwa kama tunavyofanya kulienezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kutokana na mafundisho ya mama mmoja wa Atlantic City aliyeitwa Balliett. Na hakuna aliyethibitisha kwamba tarehe ya kuzaliwa inaongoza ndoa ya mtu. Mimi ninaitumia kama kitu cha kuanzisha mazungumzo ambayo wachumba wangeyaahirisha. Wazazi wakija kuniuliza kama namba inakubali binti yao aolewe, ninawarudishia tarehe zao.

Hatua ya kwanza: tarehe iliyo ya kweli

Huku kwetu hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia, kabla hata biki haijagusa karatasi. Karte ya uchaguzi ndiyo tunayotembea nayo kama kitambulisho, na tarehe iliyoandikwa pale si lazima iwe ile uliyozaliwa. Wengine walipunguziwa miaka ili waingie shule, wengine ili wacheze mpira katika timu ya vijana, wengine karani aliandika alivyosikia.

Wachumba wangu walikuja siku ya Jumanne. Binti alikuwa na tarehe 14/8/1997, na mama yake aliyekuja naye akaithibitisha bila kuulizwa mara mbili. Bwana alitoa karte yake: 23/11/1992. Niliandika, nikahesabu, na nilipoanza kueleza akakuna kichwa.

“Yaya, ile date ya ku karte haiko ya kweli. Balinipunguzia myaka mbili juu niingie ku masomo.”

Binti akamgeukia. Ilionekana wazi kwamba hata yeye hakujua. Tukanyamaza kidogo, mama mtu akaanza kukagua vifungo kwenye kopo langu kana kwamba amekuja kununua vifungo.

Basi tukatafuta mwaka wa kweli. Karte yake ya ubatizo ya parokia ilikuwa ya 1991, na mtu habatizwi kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo 1992 ilikwisha kufa. Akampigia simu mama yake Likasi. Mama akakumbuka kwamba siku Mobutu alipotangaza vyama vingi, yaani tarehe 24 Aprili 1990, alikuwa na mimba changa ya huyo huyo. Mtoto wa Novemba, mimba changa Aprili: inaingiana. Tarehe yake ni 23/11/1990.

Kwa nini nahangaika hivyo kwa miaka miwili tu? Kwa sababu hesabu hii haina “karibu karibu”. Ukikosea mwaka mmoja, namba inasogea hatua moja kamili. Miaka miwili, hatua mbili. Siku ni vilevile, na mwezi ni vilevile. Mtu aliyekosea siku moja hapati namba inayofanana kidogo na yake, anapata namba ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana mzee ambaye karatasi yake inasema tu kwamba alizaliwa karibu mwaka fulani, bila siku wala mwezi, simhesabii. Kumwekea tarehe 1 Januari ili hesabu ipite ni kumshonea mtu suti kwa vipimo vya jirani yake.

Kinyume chake, kuna kosa moja ambalo halidhuru kitu. Simu nyingine huandika mwezi kabla ya siku. Usijali, kwa kuwa tunajumlisha tu, na jumla haiulizi nani alitangulia. Lakini usikate mwaka. Anayeandika 97 badala ya 1997 ameacha 1 na 9, na namba yake imeshasogea hatua moja. Kwa waliozaliwa baada ya 2000 inasogea mbili.

Hatua ya pili: kukunja tarehe ya kila mmoja

Mimi nasema kukunja, kama unavyokunja kitambaa mpaka kiingie sandukuni. Unajumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki moja kati ya 1 na 9. Jifunze kwa tarehe ambayo kila Mkongomani anaijua, 30/6/1960, siku ya uhuru. Siku: 3 na 0 ni 3. Mwezi ni 6. Mwaka: 1 na 9 na 6 na 0 ni 16, na 16 ikikunjwa ni 7. Sasa 3 na 6 na 7 ni 16, nayo inakunjwa kuwa 7. Umekwisha.

Binti wetu: siku 14 inakuwa 5. Mwezi ni 8. Mwaka 1997 ni 26, inakuwa 8. Jumla 5 + 8 + 8 = 21, na 21 inakuwa 3. Njia yake ya maisha ni 3.

Bwana, kwa tarehe ya kweli: siku 23 inakuwa 5. Mwezi wa 11 inakuwa 2. Mwaka 1990 ni 19, inakuwa 10, inakuwa 1. Jumla 5 + 2 + 1 = 8. Njia yake ni 8. Kwa tarehe ya karte ingekuwa 1, na tazama: toka 8 mpaka 1 ni hatua mbili, kwa sababu baada ya 9 tunarudi 1. Miaka miwili ya uongo, hatua mbili.

Wapo wanaouacha mwezi wa 11 bila kuukunja, wakisema 11, kama 22 na 33, ni namba kuu isiyoguswa. Kwa bwana huyu wangepata 5 + 11 + 1 = 17, ambayo bado ni 8. Mwisho wa njia ni uleule. Kuhusu hizo namba kuu nitasema sasa hivi, maana hapo ndipo nilipolipia ada.

Hatua ya tatu: kujumlisha wawili, na 11 inayowazuzua watu

Tatu na nane ni kumi na moja.

Binti alipoona 11 kwenye kaye yangu alipiga kofi. Alikuwa amesikia mahali kwamba 11 ni namba ya walioteuliwa. Sikumlaumu. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijajifunza mwenyewe, mtu mmoja alinitoza dola kumi kwa ajili ya mdogo wangu na mchumba wake, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba 11 yao hutokea mara moja katika kizazi. Tulirudi nyumbani tumevimba kwa fahari. Siku moja umeme ulipokatika, nilichukua kaye, nikachora visanduku tisa kwa tisa, njia ya bwana juu, njia ya bibi pembeni, nikajumlisha kila kisanduku. Ni visanduku 81. Na 11 ilitokea mara nane.

Yaani, kama namba zinagawanyika sawasawa kwa watu, karibu ndoa moja katika kila kumi ni 11. Katika harusi za Jumamosi moja hapa Lubumbashi utakuta kadhaa. Kilicho adimu ni kitu kingine: 2 tupu. Ipo katika kisanduku kimoja tu, pale 1 inapokutana na 1. Jozi nyingine zote zinazokunjwa kuwa 2 zinapitia 11 kwanza: 2 na 9, 3 na 8, 4 na 7, 5 na 6. Kwa hiyo anayekuambia kwamba 11 ya ndoa ni muujiza hajawahi kuchora visanduku.

Sasa, unaiandikaje? Mimi naandika 11/2. Mbili ndiyo ardhi, kumi na moja ni hali ya hewa juu yake. Sitoi 2 nikatupa 11, wala sishangilii 11 nikasahau 2.

Swali linakuja pia upande wa pili: kama mmoja wa wachumba ana njia ya 11 au 22 kabla ya kukunja, unajumlisha ipi? Hapa walimu wanatofautiana, na utaona kwa nini inaleta fujo. Chukua mwenye 11 na mwenye 9. Ukiacha 11 ilivyo, 11 na 9 ni 20, inakuwa 2 tupu. Ukikunja 11 kuwa 2 kwanza, 2 na 9 ni 11. Wachumba walewale, mmoja anawaambia ni watu wa kawaida, mwingine anawavika taji. Namba ya chini haibadiliki hata siku moja, ni 2 kote kuwili. Kinachobadilika ni taji peke yake. Kanuni yangu ni kukunja kila mtu mpaka tarakimu moja, kisha kujumlisha. Kwa njia hiyo jumla haiwezi kupita 18, kwa hiyo 22 na 33 hazitokei kwenye ndoa kabisa, na 11 inabaki na maana moja. Ukipenda kanuni ile nyingine, itumie, lakini itumie kwa wote. Kibaya ni kubadilisha kanuni mpaka upate taji unalolitaka, na nimewaona wanaofanya hivyo, hasa wakishalipwa.

Kabla sijafunga hesabu nafanya jaribio moja. Ninachukua tarehe zote mbili na kujumlisha tarakimu zote mfululizo bila kukunja katikati. Za binti: 1+4+8+1+9+9+7 = 39. Za bwana: 2+3+1+1+1+9+9+0 = 26. Pamoja ni 65. Sita na tano ni 11, na 11 ni 2. Inalingana. Kama jaribio lingetoa 5 au 7, ningejua kuna mahali nimeteleza. Angalia tu kwamba jaribio hili linapima namba ya chini, si taji. Usitafute 11 ndani yake, hata kama hapa imejitokeza.

Na kwa tarehe ya karte? Tatu na moja ni nne. Nilikuwa nimekwisha kuandika 4 na kuanza kueleza ndoa ya matofali na ratiba. Nikaikata kwa mstari mmoja.

Tisa inapoingia

Kuna jambo moja la hesabu ambalo huleta ugomvi wa kweli katika familia, kwa hiyo lijue mapema. Tisa haiachi alama. Mwenye 9 akioana na mwenye 3, jumla ni 12, inakuwa 3. Akioana na mwenye 7, ni 16, inakuwa 7. Siku zote namba ya ndoa inakuwa ile ya mwenzake.

Mimi ni 6 na mzee wangu ni 9. Kumi na tano, yaani 6. Mama mkwe wangu alipoelezwa aliweka sahani ya bukari chini, akauliza namba ya mtoto wake imekwenda wapi. Nilimjibu ninavyowajibu wateja wote: haikupotea. Tisa inasomwa kama mtu wa kutoa na kuhudumia, na katika ndoa ya namna hii mwenye 9 ndiye anayeingia katika mada ya mwenzake na kuibeba. Nyumba yetu ina mada ya 6, watoto na ndugu, na kweli ni mzee wangu anayelipa karo za watoto wa dada yangu. Mama mkwe hakuridhika. Alisema ndicho alichokuwa anakiogopa.

Hatua ya nne: kusoma mada

Usianze na orodha ya maana. Anza na namba zenyewe mbili, halafu uulize kuhusu namba ya ndoa: mada hii inamjia nani kirahisi, na nani italazimika kumfundisha? Kila namba ya ndoa inaweza kutoka katika jozi tano tofauti, na jozi ndiyo inayokuambia kama mada ni zawadi au ni kazi.

Chukua 6, mada ya nyumba, watoto, wazazi na ukoo. Inaweza kutoka kwa 2 na 4. Mbili ni mtu wa kusikiliza, nne ni mtu wa kujenga, na hawa wawili watakaa na wakwe, watapokea mpwa anayekuja kusoma, wala hawataona kama ni mzigo mpaka siku chakula kitakapopungua. Lakini 6 hiyohiyo inatoka pia kwa 1 na 5. Moja anataka kuamua mwenyewe, tano anataka mlango uwe wazi. Sasa ndoa yao inawadai nyumba yenye watu wengi. Kwa hawa nauliza swali moja la wazi: nani anakaa nanyi mwaka wa kwanza? Nimeshaona wachumba wakitazamana kwa swali hilo kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hayakufanana.

Nne ni mada ya msingi. Kiwanja, matofali, karatasi za nyumba, likelemba inayolipwa kila mwisho wa mwezi. Ikitoka kwa 1 na 3, mmoja anaamua na mwingine anachangamsha, na kazi ngumu ya katikati haina mwenyewe. Swali ni nani anashika daftari la matumizi. Ikitoka kwa 2 na 2, wote wanashika daftari na hakuna anayethubutu kusema “tuanze”. Hatari ya 4 kwa ujumla ni nyumba kugeuka ofisi.

Nyingine napita haraka. Moja ni mada ya kuanzisha na ya nani anatangulia. Wawili wanafungua njia ambayo familia zao hazikuipita. Tatu ni maneno, wageni na vicheko, na mambo mazito yanafunikwa chini ya vicheko hivyo. Tano ni mwendo: ndoa ya mmoja anayefanya kazi Kolwezi na kurudi mwisho wa wiki, au ya biashara ya kwenda na kurudi Kasumbalesa. Swali lao ni siku gani wanakuwa pamoja bila kupanga. Saba ni ukimya, sala na vitabu, kila mtu na kona yake. Nane ni pesa na heshima yake mbele ya watu. Tisa ni kutoa, na kujua kufunga mambo ya zamani. Ukitaka zaidi ya hapo kwa kila namba unaweza kuongeza, lakini mimi nimeona kwamba maelezo yakizidi mistari miwili, kila mtu anajikuta katika kila namba.

Jambo moja zaidi linawachanganya watu: siku ya harusi. Sisi tunaoana mara tatu, siku ya mali kwa wazazi, siku ya serikali, siku ya kanisa, na wateja huniuliza tarehe ipi kati ya hizo inaingia. Hakuna. Namba ya ndoa inatoka katika kuzaliwa kwao, kwa hiyo ilikuwa ileile kabla hawajajuana. Tarehe ya harusi inaweza kuhesabiwa peke yake, ni hesabu nyingine, na usiichanganye na hii.

Wachumba wetu, 11/2

Mbili ni mada ya uwili wenyewe: kusikilizana, kungojana, kuamua pamoja. Kumi na moja juu yake nasoma kama mishipa iliyo wazi. Mmoja akinuna asubuhi, mwingine tumbo linamuuma kabla ya kuambiwa. Wana hisia za kujua kilichofichwa, na huumia zaidi kinapofichwa. Nilipofika hapo binti alimtazama bwana, bwana akatazama karte yake ya uchaguzi iliyokuwa bado mezani. Sikuongeza neno.

Kisha jozi: 3 na 8. Tatu huzungumza ili ajue anachofikiri. Nane huzungumza akishaamua, na mara nyingi kinachoamuliwa ni pesa. Niliwaona wakifanya hivyo palepale. Binti alikuwa anasimulia vitenge vya sare za shangazi zake, rangi gani, nani alisema nini, shangazi wa Katuba amegoma na kijani. Bwana alikuwa kimya, kidole kwenye simu, anapiga hesabu. Binti alipomaliza, bwana akasema, “Shangazi sita, si kumi na wawili.” Binti akaona kama amekatwa ulimi. Bwana, kwa upande wake, alikuwa amesikiliza kila neno. Ndiyo maana alikuwa na hesabu.

Kwa ndoa ya 11/2 yenye jozi hiyo, kazi ni moja na ni ndogo: nane aseme hesabu yake wakati bado inaendelea, na tatu aseme mapema kwamba anasimulia tu, hajaamua. Niliwaambia wajaribu palepale, kwa vitenge hivyohivyo. Bwana akaanza kwa sauti: bei ya kitenge kimoja, mara kumi na mbili, ondoa ushonaji, ondoa viatu vya mdogo wake. Alipofika katikati binti akamkatiza, akasema kumbe shangazi wanne wanajinunulia wenyewe, alikuwa hajafika kwenye sehemu hiyo ya hadithi. Wakabaki wanane. Mama mtu akaacha vifungo, akavuta kiti.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Kiuno 74, urefu kutoka bega mpaka sakafu 142 na viatu. Chini nikaandika 4, iliyokatwa, na 11/2 kando yake.

Siku ya kuchukua nguo yule bwana alikuja peke yake. Akalipa nusu iliyobaki, akahesabu sare moja moja, nane, akazikunja vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mwanaume. Mlangoni akasimama. Mama yake wa Likasi, akasema, naye anataka kuhesabiwa na marehemu baba. Baba tarehe yake wanayo. Ya mama imeandikwa tu “karibu 1961”.

“Yaya, hatuwezi kukadiria?”

Nikamwambia hapana, amuulize mama kama kuna karte ya ubatizo.